Maelezo kwa Kamati ya Ujenzi kuhusu hesabu zilizokaguliwa za Mfuko wa Ujenzi, mwaka ulioishia 31 Desemba 2024

Kwa wajumbe wa Kamati ya Ujenzi ya Usharika
Kutoka: Kamati Ndogo ya Fedha
28 Machi 2025

Wapendwa wajumbe, Bwana Yesu asifiwe.

Taarifa ya mkaguzi ina kurasa 14, na wengi wetu tutaishia ukurasa wa tatu palipoandikwa "Ziada ya mwaka: Sh 85,475,000". Tunaomba msiitangaze namba hiyo ibadani kabla ya kusoma karatasi hii. Hatuna milioni 85 benki. Fedha ambayo kamati inaweza kuipangia kazi leo ni Sh 11,500,000, na tunaonyesha hapa jinsi tulivyoipata.

Fedha iliyoingia na iliyotoka

Tulianza Januari na Sh 19,000,000. Katika mwaka ziliingia:

Ahadi zilizolipwa: 46,250,000
Sadaka ya ujenzi, Jumapili ya mwisho wa kila mwezi: 14,800,000
Harambee ya Septemba: 21,350,000
Mnada wa baada ya ibada: 2,100,000
Jumla: 84,500,000

Zilitoka:

Mabati, mbao na misumari ya kuezekea: 48,600,000
Fundi mkuu: 21,600,000
Mabomba na nyaya za umeme: 3,200,000
Usimamizi wa mhandisi: 2,500,000
Usafirishaji: 1,915,000
Makato ya benki na simu: 285,000
Jumla: 78,100,000

Novemba tuliukopesha mfuko mkuu wa usharika Sh 4,000,000. Hayo si matumizi, ndiyo maana hayamo katika orodha, lakini fedha imetoka mkononi. Kwa hiyo 19,000,000 ukijumlisha 84,500,000, ukatoa 78,100,000 na 4,000,000, zinabaki Sh 21,400,000. Zipo hivi: benki 20,950,000, laini ya simu 300,000, na kasha la ofisini 150,000.

Atakayeangalia taarifa ya benki ya 31 Desemba ataona 23,000,000, siyo 20,950,000. Hakuna kilichopotea. Hundi ya fundi umeme ya 3,200,000 iliandikwa tarehe 27 Desemba naye akaipeleka benki Januari, na sadaka ya tarehe 29, Sh 1,150,000, iliwekwa tarehe 31 ikasomeka benki tarehe 2 Januari. Toa ya kwanza, ongeza ya pili, utarudi kwenye 20,950,000.

Mbona ziada ni milioni 85?

Bati likishapandishwa juu, mhasibu halihesabu kuwa fedha iliyoliwa. Ni mali iliyobadilika sura: jana ilikuwa shilingi, leo ni paa. Kwa hiyo gharama zote za ujenzi huhamia kwenye mstari wa "jengo linaloendelea", na kinachohesabiwa kuwa matumizi ya mwaka ni makato ya benki na simu (285,000) na ada ya ukaguzi (1,500,000) peke yake.

Upande wa mapato mkaguzi ameongeza vitu tulivyopewa: mifuko 120 ya saruji kwa 17,000 kila mmoja na lori 4 za mchanga kwa 180,000 kila moja, jumla Sh 2,760,000. Vimeandikwa mara mbili, kama mapato na kama sehemu ya jengo, hivyo havibadilishi fedha yetu hata senti moja. Mapato yote basi ni 87,260,000. Toa 1,785,000, unapata 85,475,000. Thamani ya jengo katika vitabu imepanda kutoka 212,000,000 hadi 294,975,000. Hiyo ni gharama tuliyoweka humo, si bei ambayo mtu angelinunua.

Tunachodaiwa

Kazi ya fundi mkuu iliyothibitishwa na mhandisi ni 24,000,000. Tulilipa 21,600,000, tukazuia asilimia 10, yaani 2,400,000, hadi paa lipite masika bila kuvuja. Ada ya mkaguzi, 1,500,000, haijalipwa. Madeni yote ni 3,900,000. Halafu katika harambee zipo 6,000,000 zilizotolewa kwa sharti la madirisha. Hizo hazigusiki kwa kazi nyingine bila ridhaa ya waliozitoa. Hivyo 21,400,000 toa 3,900,000 toa 6,000,000 ni 11,500,000. Makadirio ya sakafu ni 16,000,000. Tusisaini mkataba wa sakafu kwa sasa.

Na ahadi je? Waumini waliahidi 90,000,000, wamelipa 46,250,000. Zile 43,750,000 zilizobaki hazimo popote katika hesabu, na ni sahihi zisiwemo: ahadi ni nia njema, si deni ambalo usharika unaweza kumdai mtu. Zifuatilieni, lakini msijenge juu yake.

Hati yenye shaka, na sababu zake

Mkaguzi, aliyesajiliwa na NBAA, ametoa hati yenye shaka. Maana yake ni kwamba hesabu ni sawa isipokuwa eneo moja alilolitaja. Hajasema kuna wizi. Eneo lenyewe ni manunuzi ya mbao na misumari ya Sh 6,400,000 yenye bili za kuandikwa kwa mkono, bila risiti ya EFD na bila hati ya kupokelea mzigo. Mbao zipo juu ya paa, lakini hawezi kuthibitisha kwamba bei ndiyo hiyo. Kwa sehemu kubwa ni kosa la kulipa taslimu eneo la ujenzi ili gari lisicheleweshwe. Kuanzia sasa muuzaji alipwe kwa benki, naye alete risiti ya EFD pamoja na mzigo. Mtunza stoo ahesabu, aandike, asaini. Asiye na mashine tusinunue kwake, hata akiwa nafuu.

Barua yake kwa uongozi ina mambo mengine. Zito zaidi ni kodi ya zuio. Malipo ya huduma ya fundi hukatwa asilimia 5 na kupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Hatukukata. Asilimia 5 ya 21,600,000 ni 1,080,000, na TRA huidai kwa mlipaji, yaani sisi, pamoja na riba ya kuchelewa. Pendekezo letu: tuzungumze na fundi, kiasi hicho kitoke katika ile 2,400,000 tuliyozuia, abaki akitudai 1,320,000, kisha apewe cheti cha zuio. Riba italipwa na usharika, kwa kuwa kosa si lake.

Mkopo wa 4,000,000 kwa mfuko mkuu hauna muhtasari wa kikao wala tarehe ya kurejeshwa. Tunaomba Baraza la Wazee liandike deni hilo na lilipe 1,000,000 kila mwezi kuanzia Mei hadi Agosti.

Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Ifungwe, tuombe namba ya malipo kwa jina la usharika. Na fedha ya mnada ihesabiwe papo hapo na watu watatu wasio wa familia moja, wasaini fomu kabla ya bahasha kuondoka kanisani. Mwaka jana miezi mitano haina fomu.

Kikao ni Jumamosi, 5 Aprili 2025, saa 4 asubuhi. Yanayohitaji uamuzi ni kupokea hesabu, makubaliano na fundi kuhusu kodi, ratiba ya kurejesha mkopo, na kuahirisha sakafu. Daftari la fedha, taarifa za benki na stakabadhi zote zipo ofisi ya usharika kwa mjumbe yeyote anayetaka kuzipitia kabla ya siku hiyo.