Tafsiri ya karatasi ya kontrola ya sola

Shikamoo Baba Mdogo. Picha zote tatu zimefika. Kiingereza cha karatasi hii kimepinda, nadhani kimetolewa kwenye Kichina, kwa hiyo nimefuata maana. Yaliyo kwenye mabano ni yangu.

KONTROLA YA CHAJI YA SOLA, VOLTI 12/24, AMPEA 10

Kufunga: anza na betri, kisha paneli, mwisho matumizi. Kufungua: matumizi, paneli, betri mwisho. Usichanganye chanya na hasi. (Kontrola huipima betri kwanza ili ijue ni ya volti 12 au 24, ndiyo maana betri inatangulia. Hapo kwenye "matumizi" wao wameandika "mzigo". Ni chochote kinachokula umeme: taa, redio, simu. Ni yale matundu mawili yenye picha ya balbu.)

Taa ya jua, kijani: ikiwaka tuli, paneli inachaji. Ikiwaka na kuzimika polepole, betri imejaa. Usiku huzimika.

Taa ya betri: kijani, chaji inatosha. Njano, inapungua. Nyekundu, betri imeshuka hadi volti 10.7 na matumizi yamekatwa. Yatarudi betri ikifika volti 12.6.

Taa ya balbu: ikiwaka na kuzimika haraka, kuna shoti au matumizi yamezidi ampea 10. Zima vyote, kagua nyaya.

(Hiyo nyekundu unayosema inakuja kila siku saa tatu usiku si ubovu wa kontrola. Inaikinga betri isikauke chaji. Nakuomba sana, fundi asikushauri kuunga taa moja kwa moja kwenye betri ili ziendelee kuwaka. Zitawaka kweli, lakini betri ya risasi ikikamuliwa hadi mwisho kila usiku hufa mapema. Punguza simu za kuchaji jioni, zichajiwe mchana jua likiwepo. Paneli nayo ipanguswe vumbi.)

Utunzaji wa betri: iwekwe penye hewa, mbali na moto, kwa sababu ikichaji hutoa gesi inayolipuka. Vichwa vikazwe, visafishwe, vipakwe grisi. Isikae bila chaji kwa siku nyingi. Betri ya maji: kagua kila mwezi, maji yafunike sahani za ndani. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu, yale yanayoandikwa "distilled water".

(Yaani si ya bomba wala kisima. Dukani angalia chupa vizuri: unataka maji matupu, si asidi. Wengi huziita zote mbili "maji ya betri", na kuongeza asidi kunaiharibu. Kinga macho ukifungua vizibo, na usiwashe kibiriti kuchungulia ndani, tumia tochi.)

Chini ya picha ya tatu pana neno ONYO, na mistari miwili baada yake imemezwa na mwanga wa flashi. Itoe karatasi nje, kivulini, uipige tena bila flashi, nami nitakutumia hiyo mistari leo leo.