Penalti bila nukta ya tandiko: suluhisho kamili kwa grafu

Swali. Mpigaji penalti ana njia mbili: kupiga kushoto au kulia. Kipa ana tatu: kuruka kushoto, kubaki kati, au kuruka kulia. Pande zote zimetajwa kwa jicho la mpigaji. Jedwali linaonyesha nafasi ya kufunga kwa asilimia. Tafuta mkakati bora wa kila mmoja na thamani ya mchezo, yaani nafasi ya kufunga pale wote wawili wanapocheza kwa ubora wao.

| Mpigaji | Kipa kushoto | Kipa kati | Kipa kulia |
|---|---|---|---|
| Kushoto | 50 | 80 | 90 |
| Kulia | 95 | 85 | 60 |

Namba ni za kutungwa, za mazoezi tu. Kila asilimia anayopata mpigaji kipa anaipoteza, kwa hiyo tunauhesabu kama mchezo wa jumla sifuri.

Suluhisho. Kwanza tuone kama kuna nukta ya tandiko, yaani namba iliyo ndogo kuliko zote katika safu yake na kubwa kuliko zote katika nguzo yake. Kima cha chini cha kila safu ni 50 na 60. Kilicho kikubwa kati ya hivyo ni 60. Kima cha juu cha kila nguzo ni 95, 85 na 90. Kilicho kidogo ni 85. Kwa kuwa 60 si sawa na 85, nukta ya tandiko haipo. Atakayeshikilia njia moja atasomwa na mwenzake, basi lazima wachanganye. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba michezo ya namna hii, yenye idadi ya njia isiyo ya kikomo kinyume chake, yaani yenye mwisho, daima ina thamani moja pale wachezaji wanapochanganya.

Je, tunaweza kuifuta nguzo mojawapo ya kipa kabla ya kuchora? Tukilinganisha nguzo mbilimbili, hapana. Kati inamgharimu kipa 80 na 85. Kushoto ni nafuu kwake juu (50) lakini ghali chini (95). Kulia ni kinyume chake. Hakuna nguzo moja inayoishinda kati kotekote. Hapa ndipo grafu inapolipa.

Acha p iwe uwezekano wa mpigaji kupiga kushoto. Kila chaguo la kipa linampa mpigaji mstari mmoja:

Kipa kushoto: y = 95 − 45p
Kipa kati: y = 85 − 5p
Kipa kulia: y = 60 + 30p

Chora mhimili wa p kutoka 0 hadi 1, kisha simamisha mihimili miwili ya wima kwenye ncha zake. Penye p = 0 mpigaji anapiga kulia tupu, hivyo weka alama 95, 85 na 60. Penye p = 1 weka 50, 80 na 90. Wengi huzigeuza ncha hizi wakapata jibu la kioo; angalia vizuri. Unganisha alama kwa rula.

Kipa anataka y iwe ndogo, kwa hiyo kwa kila p atachagua mstari ulio chini kabisa. Pitisha kalamu nzito juu ya sehemu hizo za chini tu: unapanda na mstari wa kulia kuanzia 60, unafika kilele, kisha unashuka na mstari wa kushoto hadi 50. Mpigaji anataka kilele hicho.

Mistari inakatana mara tatu, na mtego uko hapo. Kushoto na kati hukutana p = 0.25, y = 83.75, juu kuliko makutano mengine, nayo humvutia asiyetazama chini. Lakini penye p = 0.25 mstari wa kulia uko 67.5, na kipa ataruka huko. Kilele halali ni makutano ya kushoto na kulia:

95 − 45p = 60 + 30p
75p = 35
p = 7/15

Thamani: 60 + 30 × 7/15 = 74.

Mstari wa kati hapo uko takriban 82.7, juu ya kilele, na haugusi mpaka wa chini popote. Kipa habaki kati hata mara moja, ingawa ile 85 ya hatua ya kwanza ilitoka kwenye nguzo hiyohiyo.

Sasa kipa. Zimebaki nguzo mbili. Acha q iwe uwezekano wa kuruka kushoto. Mpigaji apate kilekile akipiga kokote:

50q + 90(1 − q) = 95q + 60(1 − q)
90 − 40q = 60 + 35q
q = 2/5

Hakiki: 90 − 16 = 74, na 60 + 14 = 74.

Usawa huu si wa kwenye karatasi tu. Mwaka 2003 mwanauchumi Ignacio Palacios-Huerta alichapisha uchunguzi wa penalti zaidi ya 1,400, akakuta kwa jumla kwamba viwango vya ufungaji vya wapigaji havitofautiani sana wapige upande upi.

Jibu: mpigaji kushoto 7/15, kulia 8/15; kipa kushoto 2/5, kati 0, kulia 3/5; thamani ni 74. Mpigaji akiamua kugawa nusu kwa nusu, kipa mwerevu ataruka kushoto na kumshusha hadi 72.5.