Taa za Ziwani (wimbo wa Noeli)

Kwa kwaya ya shirika, ufuko wa Kalehe, misa ya mkesha. Kiongozi (K) anaanzisha, wote (W) wanajibu. Ngoma kubwa 1, ngoma ndogo 2, manyanga jozi 3.

Hesabu ni 6. Kubwa inapiga 1 na 4 tu. Ndogo zinapiga 1, 3, 4, 6, sawa na silabi za beti. Manyanga yanatikiswa mara zote 6, kwa nguvu kwenye 1 na 4. Mwendo ni wa mtu aliyebeba mzigo kichwani. Ndogo zikianza kukimbia, zifuate kubwa, kubwa isizifuate.

Desemba ni mvua: ngozi hunyonya unyevu, zikalegea na mlio ukafa. Ziotesheni moto kabla ya misa, mbali na ndimi za moto, maana ngozi iliyoungua hupasuka.

Nota za beti:
K: d d m s s l s m
W: s s l s m r r d

1. (Manyanga peke yake, polepole)
K: Wavuvi wako ziwani,
W: Taa zao zinacheza;
K: Wachungaji wa zamani
W: Nao pia walikesha.

Kiitikio (ngoma zote)
W: Noeli, Noeli, amezaliwa!
Piga ngoma, Mwokozi amefika!
Noeli, Noeli, ametujia,
Sifa juu, chini amani pia!

Hapa ndipo wengi hupotea. "No-" inaimbwa kwenye 6, kabla ya ngoma; kubwa inaangukia "-e-". Mpigaji akiipiga "No-", kiitikio chote kinachechemea. "Piga" na "Sifa" zinaanza kwenye 1.

2. (Kubwa na manyanga)
K: Hapakuwa na nafasi
W: Wala chumba cha mgeni;
K: Alivikwa vitambaa,
W: Kalazwa mle horini.

Kiitikio

3. (Ndogo zinaingia, lakini kwa vidole: kiganja kinafunika maneno)
K: Malaika kashukia,
W: Wachungaji wakahofu.
K: "Msiogope," kasema,
W: "Naleta habari njema!"

Kwenye "Msiogope" vyombo vyote vinyamaze, hata manyanga; hayo ndiyo magumu kunyamazisha, basi yabanwe kifuani. Vinarudi kwenye "njema".

Kiitikio mara 2

4. (Vyombo vyote, wamama wapige vigelegele baada ya ubeti, si katikati)
K: Twende hima Betlehemu
W: Tukaone neno hili;
K: Ni Mfalme, naye kwetu
W: Ametwaa wetu mwili.

Kiitikio mara 3. Sauti ya juu kabisa ni "Noeli" ya kwanza, kwa hiyo kiongozi aipime hiyo kabla ya kutoa sauti ya kuanzia. Akianza juu mno, wababa watashuka oktavu na watoto watabaki peke yao. Baada ya kiitikio cha mwisho sauti zinakoma. Ngoma na manyanga vinaendelea chini chini mpaka matoleo yafike altareni, kisha kubwa inafunga kwa pigo 1.