Pendekezo la Utafiti: Umezaji wa Vidonge vya Kuongeza Damu kwa Wajawazito, Wete, Pemba

Swali: Kwa nini mjamzito aliyepewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi kliniki havimezi kila siku?

Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku. Kadi ya kliniki huonesha vidonge vilivyotolewa, si vilivyomezwa. Hapo ndipo penye swali.

Mbinu: Utafiti wa wakati mmoja. Kwa uwiano unaokadiriwa wa wanaomeza kila siku p = 0.5, kosa linaloruhusiwa d = 0.07 na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, sampuli ni wajawazito 196. Nitauliza vidonge vingapi vilimezwa siku 7 zilizopita, kichefuchefu, choo kigumu, na kama humezwa pamoja na chai ya rangi, maana chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Kumbukumbu hudanganya, kwa hiyo atakayekuwa na pakiti mkobani tutahesabu pamoja vilivyobaki.

Maadili: Sitaanza bila kibali cha kamati ya maadili ya utafiti Zanzibar. Ridhaa ni ya mama mwenyewe. Idhini ya mume haitoshi. Mahojiano yatafanyika faragha, mbali na mkwe aliyemsindikiza. Dodoso litakuwa na namba, si jina. Atakayekataa atahudumiwa kama kawaida, na mwenye dalili za upungufu mkubwa wa damu atapelekwa kwa mkunga siku hiyohiyo.