Barua ya Kuomba Maelezo ya Kozi ya Ufundi Friji na Viyoyozi

S.L.P. 214,
12 Machi 2024.

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ufundi,
S.L.P. 88.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: KUOMBA MAELEZO YA KOZI YA UFUNDI FRIJI NA VIYOYOZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nimeona tangazo lenu kwamba mnapokea wanafunzi wapya wa kozi hiyo mwezi wa saba, nikavutiwa sana, ila tangazo lenyewe ni fupi mno, kwa hiyo naomba mnifafanulie mambo kadhaa kabla sijachukua fomu.

Nimemaliza kidato cha nne, na sa hizi nafanya kazi kwa fundi mmoja wa friji kama msaidizi. Kusafisha viyoyozi na kubadili kompresa naweza, kuchomelea mabomba ya kopa pia nimeshaanza, ila nadharia sina kabisa, na cheti ndo sina.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wa gesi. Friji nyingi mpya zinakuja na R600a ambayo inashika moto, si kama R134a tuliyoizoea, na ukiichukulia poa unaweza kulipua karakana. Je, kozi yenu inafundisha gesi hizi mpya na usalama wake, au mtaala bado uko kwenye zile za zamani tu? Halafu karakana yenu ina mashine ya kuvuta gesi ya zamani isiachiwe hewani, na mwanafunzi anaishika mwenyewe au anaangalia mwalimu akifanya? Nauliza hivi kwa sababu kuangalia tu hata kazini naangalia.

Jambo lingine ni muda. Tangazo linasema mafunzo ni mwaka mmoja lakini halisemi kama kuna darasa la jioni au la wiki endi. Kama ni kutwa nzima itabidi niache kazi, na bosi wangu nimwambie mapema atafute mtu mwingine, maana si vizuri kumwacha ghafla. Na miezi ya fildi iko ndani ya huo mwaka au inaongezwa juu yake?

Naomba pia kujua sifa za kujiunga (hesabu nilipata D, sijui kama inatosha), jumla ya ada na kama inalipwa kwa awamu, vifaa anavyotakiwa mwanafunzi kujinunulia, kama kuna hosteli ya wasichana, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Cheti mnachotoa kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya ufundi, au ni cha chuo peke yake?

Kama kuna siku ya kutembelea karakana naomba nijulishwe, nitafurahi kuja kuiona. Nategemea majibu yenu kupitia anuani yangu hapo juu.

Wako mtiifu,

(sahihi) R. Juma

Rehema Juma