Waraka kwa Wafanyakazi: Uhifadhi wa Kila Mwaka wa Majalada ya Miradi Iliyofungwa na Taratibu Mpya za Masjala

Idara ya Utawala
Makao Makuu
Dar es Salaam

Kumb. Na. UTW/MSJ/05/2025
3 Novemba 2025

Kwa: Wafanyakazi wote, Makao Makuu na ofisi za Dodoma na Mwanza

YAH: KUHAMISHA MAJALADA YA MIRADI ILIYOFUNGWA NA TARATIBU MPYA ZA UTUNZAJI WA KUMBUKUMBU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

2. Kuanzia mwaka huu, kila mwezi wa Desemba, kazi za saiti zinapopungua, majalada ya miradi iliyofungwa yataondolewa masjala na kwenye seva ya kazi, na kupelekwa kwenye chumba cha kumbukumbu tuli kilichotengwa ghorofa ya pili. Zoezi la mwaka huu litaanza Jumatatu tarehe 8 Desemba na kumalizika Ijumaa tarehe 19 Desemba 2025, isipokuwa Jumanne tarehe 9 Desemba ambayo ni Sikukuu ya Uhuru. Ofisi za Dodoma na Mwanza zitafuata ratiba hiyo hiyo, na maboksi yao yatasafirishwa kuja Makao Makuu mwezi Januari.

3. Uongozi umefikia uamuzi huu kwa sababu masjala imejaa kiasi kwamba majalada ya miradi inayoendelea sasa yanapangwa juu ya kabati, huku rafu nzuri zikikaliwa na miradi ambayo hakuna anayeigusa. Tatizo la nafasi, hata hivyo, ndilo dogo. Kubwa zaidi ni kwamba sehemu ya kumbukumbu zetu haimo masjala kabisa. Mapema mwaka huu mteja mmoja wa Morogoro aliomba nakala ya ripoti ya uchunguzi wa udongo ya mradi tuliomkabidhi miaka kadhaa iliyopita. Ripoti ikaja kupatikana kwenye droo ya mhandisi aliyekwisha kuhamia ofisi nyingine, ikiwa haijawahi kuandikishwa kwenye rejista. Naomba ieleweke kwamba jalada la mradi ni mali ya kampuni na makao yake ni masjala, hata kama mhandisi mmoja ndiye aliyeandika kila ukurasa uliomo.

4. Mradi utahesabiwa kuwa umefungwa endapo kazi imekabidhiwa kwa mteja kwa hati ya makabidhiano, kipindi cha matazamio kimekwisha na hati ya mwisho imetolewa, na ankara yetu ya mwisho imelipwa. Masharti hayo yote yawe yametimia kabla ya tarehe 31 Desemba 2024 ili mradi uingie katika zoezi la mwaka huu. Mradi ambao mteja bado anadaiwa, au ambao mkandarasi ametoa notisi ya madai, hauhamishwi hata kama ujenzi ulikwisha zamani. Jalada la mradi wa namna hiyo litabaki masjala na kubandikwa karatasi nyekundu, na hakuna ukurasa wake utakaotolewa wala kuteketezwa hadi Idara ya Sheria itakaposema vinginevyo kwa maandishi.

5. Muda wa kutunza jalada baada ya kufungwa utakuwa miaka saba. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita ya kufungua shauri linalotokana na mkataba, nasi tumeongeza mwaka mmoja kwa tahadhari, kwa kuwa tarehe ambayo madai yanaanza kuhesabiwa yenyewe huwa ni jambo la kubishaniwa. Risiti, ankara na kumbukumbu nyingine za kodi, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka zitunzwe kwa miaka mitano, nazo zitafuata miaka saba ili tusiwe na jalada moja lenye tarehe mbili za kuteketezwa. Vitu vichache havitateketezwa kamwe: michoro inayoonyesha kazi jinsi ilivyojengwa, mahesabu ya uimara wa majengo na madaraja, ripoti za udongo, na hati za makabidhiano. Daraja huishi kuliko mkataba uliolijenga, na siku litakapohitaji kupanuliwa, mtu atakuja kuuliza nguzo zake zilizamishwa kina gani.

6. Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni taarifa za watu. Majalada ya miradi yetu ya barabara na maji yamebeba majedwali ya fidia yenye majina ya wananchi, namba zao za simu, namba za akaunti za benki, nakala za vitambulisho na picha za nyumba zao. Yapo pia mahudhurio ya vibarua yenye alama za vidole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tukusanye taarifa hizo kwa lengo maalumu na tusizishikilie kupita muda unaohitajika kwa lengo hilo. Kwa hiyo, kabla jalada halijafungwa, meneja wa mradi atatenganisha karatasi hizo na kuziweka kwenye bahasha iliyofungwa, yenye namba ya jalada na maneno TAARIFA BINAFSI, ambayo itafunguliwa tu kwa idhini ya maandishi ya Meneja wa Ofisi. Nakala za ziada zilizobaki mezani, kwenye kompyuta za mapajani au kwenye makundi ya wasapu ya saiti zifutwe au zichanwe kwa mashine. Kuzitupa kwenye pipa la kawaida hakukubaliki; wote tunajua karatasi za ofisi za mji huu huishia kufungia nini.

7. Kuhusu karatasi zenyewe, kila jalada lipangwe kwa tarehe, folio zipewe namba, na nakala zilizorudiwa ziondolewe, ikibaki moja yenye saini. Pini, klipu za chuma na raba zitolewe zote, maana kwa unyevu wa pwani chuma hushika kutu na kula karatasi, na raba huyeyuka ikagandana na kurasa. Tumieni kamba za majalada zenye ncha za plastiki zinazopatikana masjala. Risiti za mashine za EFD zitolewe fotokopi kabla ya kuwekwa jaladani, kwa kuwa karatasi yake huandikwa kwa joto na maandishi hufifia, na mkaguzi hatakubali karatasi nyeupe kuwa ushahidi wa malipo. Michoro mikubwa isikunjwe bali iviringishwe na kutiwa kwenye mirija. Boksi lisijazwe kupita kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kulibeba bila msaada, na lisiwekwe sakafuni hata kwa saa moja, kwa sababu ya mchwa.

8. Kwa upande wa kompyuta, folda ya mradi itahamishwa kutoka `MIRADI_HAI` kwenda `MIRADI_TULI`, ambako itaweza kusomwa na kunakiliwa lakini si kubadilishwa. Jina la folda litaanza na mwaka wa mkataba, likifuatiwa na namba ya mradi, mahali na aina ya kazi, kwa mfano `2019-014_MOROGORO_DARAJA`. Majina ya mafaili yatafuata mfumo huo huo, na kila waraka utabaki na toleo moja tu lililotiwa saini, katika PDF. Nimeona folda moja yenye `Ripoti_mwisho.docx`, `Ripoti_mwisho2.docx` na `Ripoti_mwisho_kabisa.docx`, ambamo toleo alilopelekewa mteja halikuwa lolote kati ya hayo matatu. Meneja wa mradi peke yake ndiye anayeweza kulitambua toleo sahihi, na ndiyo maana kazi hii haiwezi kuachiwa watumishi wa masjala wala wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Wachoraji wanakumbushwa kwamba faili la DWG likihamishwa peke yake huacha nyuma michoro iliyounganishwa nalo pamoja na fonti zake; hivyo kila seti ifungashwe kwa amri ya `ETRANSMIT` kabla ya kuhamishwa, na iambatane na nakala ya PDF. Barua pepe zenye maelekezo ya mteja, idhini au mabadiliko ya kazi zihifadhiwe ndani ya folda ya mradi, kwani sanduku la barua pepe la mfanyakazi hufungwa anapoondoka. Fundi wa mifumo atatengeneza nakala rudufu mbili za `MIRADI_TULI`, moja itunzwe Makao Makuu na nyingine ofisi ya Dodoma.

9. Jalada likishahamishwa, atakayelihitaji atajaza fomu ya kuazima na kulipata ndani ya siku moja ya kazi. Atakaa nalo kwa siku zisizozidi tano za kazi, atalisomea ofisini, na hatampa mwenzake bila kulirudisha kwanza masjala ili uazimaji uandikwe upya. Hakuna jalada halisi litakalokwenda saiti au nyumbani. Anayekwenda saiti atapewa nakala. Nyaraka halisi tulizoazimwa na halmashauri au taasisi nyingine za Serikali si zetu kuhifadhi, nazo zirudishwe kwa barua yenye orodha, na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndiyo ibaki jaladani.

10. Kila meneja wa mradi awasilishe masjala orodha ya miradi yake iliyofungwa ifikapo Ijumaa tarehe 21 Novemba 2025, ikionyesha namba ya mradi, idadi ya majalada, tarehe ya hati ya mwisho, na kama kuna mgogoro wowote. Mradi ambao meneja wake ameacha kazi utapangiwa mhandisi mwingine na mkuu wa idara husika. Ratiba ya kupokea majalada, idara kwa idara, itabandikwa kwenye ubao wa matangazo tarehe 28 Novemba, na maboksi na mirija vitatolewa kuanzia siku hiyo. Kuanzia sasa pia, mfanyakazi anayehama kituo, anayestaafu au anayeacha kazi hatasainiwa fomu ya makabidhiano hadi Mtunza Kumbukumbu athibitishe kwamba hana jalada lolote analodaiwa.

11. Orodha ya majalada yaliyotimiza miaka saba itapitiwa kila mwaka na kamati ya watu watatu kutoka Utawala, Uhasibu na Idara ya Sheria, na uteketezaji utafanyika kwa kibali cha Mkurugenzi Mtendaji pekee, ukiandikiwa hati inayotaja kila jalada. Mwaka huu hakuna kitakachoteketezwa. Natambua kwamba baadhi yenu mngependa tuanze na hilo, hasa mnaofanya kazi jirani na korido ya masjala, lakini si busara kuchoma tusichokiorodhesha.

12. Maswali kuhusu majalada ya karatasi yaelekezwe kwa Mtunza Kumbukumbu, na yale ya seva kwa fundi wa mifumo. Meneja wa mradi anayeona kwamba mradi wake unastahili kubaki masjala ingawa umetimiza masharti ya aya ya 4 aniandikie dokezo lenye sababu kabla ya tarehe 21 Novemba; baada ya hapo jalada litahamishwa kama ilivyoorodheshwa.

Nawatakia kazi njema.

MENEJA WA OFISI

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji – aione kwenye jalada
Mhasibu Mkuu
Mkuu wa Idara ya Sheria
Wakuu wa Ofisi, Dodoma na Mwanza