Webina ya vifaranga: mwaliko na imeili mbili za baadae

Mada: Alhamisi saa 2 usiku, tuongee vifaranga

Habari mfugaji,

Najua wengi mnachukua vifaranga mia tatu, wiki ya pili wanaanza kupukutika. Alhamisi tutakua Zoom, bure kabisa, saa nzima ni bruda na chanjo tu. Chanjo ya maji usichanganye na maji ya bomba yenye klorini, inakufa kabla kuku hajainywa, na hilo ndo linawaliza wengi hapa Dar. Jibu NAKUJA nikutumie linki.

Mada: Ni leo jamani

Linki ile ile, bando la kutosha uwe nalo. Ukiweza piga picha bruda yako usiku: wakijazana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi.

Mada: Rekodi hii hapa

Asante mliokuja, na mliokatikiwa umeme poleni, rekodi tumeambatanisha. Aliyeuliza Gumboro: wengi tunachanja siku ya 14, mdondo siku ya 7 na kurudia ya 21, ila daktari wa mifugo wako ndo mwenye neno. Darasa la vitendo ni Jumamosi, bandani kwetu Mbezi, elfu 30 na chai ipo.